Samaki wameisha lakini kwenye menyu bado wapo

"Kaka habari za kazi. Nina mgahawa hapa Dodoma, wateja wangu wengi ni wa maofisini Mtumba, wanaagiza kwa simu kabla ya mchana. Menyu ya siku tunaandika kwenye Google Sheets watu watatu, mimi, mpishi na dada wa kaunta, halafu nawatumia wateja linki WhatsApp. Kitu kikiisha tunaandika IMEISHA pembeni, kuna kijana aliniwekea fomula ya kuficha. Pilau inapotea vizuri tu ila samaki na maharage vinabaki hata tukiandika, na asubuhi vitu vya jana havionekani mpaka nifute neno moja moja. Nikajaribu filta, ikawa mimi naona hivi wateja wanaona vile. Nifanyeje?"

Nzuri dada yangu, pole na usumbufu. Nianze na samaki maana hapo ndo penye siri yote. Kijana aliyekuwekea fomula hakukosea sana, naamini ameweka kitu cha namna hii:

```
=FILTER(A2:C40, D2:D40<>"IMEISHA")
```

Yaani fomula inaambiwa lete mistari yote ambayo safu ya D haina neno IMEISHA. Sasa mpishi wako anaongea Kiswahili sanifu kabisa, pilau ikiisha anaandika imeisha, samaki wakiisha anaandika wameisha, maharage yameisha, ndizi zimeisha, ugali umeisha, kisamvu kimeisha. Kwa binadamu yote hayo ni kitu kimoja, kwa shiti ni maneno sita tofauti, na umeliambia lifiche moja tu. Ndo maana pilau inapotea na samaki wanakaa pale wanakuchekea. Herufi kubwa na ndogo hazina shida, imeisha na IMEISHA shiti inaziona sawa, ila nafasi inaleta shida, na simu nyingi ukichagua neno kwenye kibodi zinaongeza nafasi mwishoni bila wewe kujua, kwahiyo hata "imeisha " yenye nafasi nyuma yake inapita tu na chakula kinabaki kwenye menyu.

Ukitaka kuhakikisha hilo kabla hujabadili chochote, nenda kwenye mstari wa samaki, futa alichoandika mpishi, andika mwenyewe imeisha bila nafasi. Samaki watapotea hapohapo. Wasipopotea basi tatizo ni lingine.

Unaweza ukawaambia wote waandike imeisha kwa kila kitu, nimeona watu wakifanya hivyo na kubandika karatasi ukutani jikoni. Siku mbili tatu itaenda, halafu saa saba mchana foleni imejaa, mikono ina mafuta, mtu ataandika "hamna". Mimi ningeondoa kabisa habari ya kuandika neno. Weka kisanduku cha tiki. Kisanduku kina majibu mawili tu, kina tiki au hakina, hakuna wa kukosea tahajia.

Ila kabla ya kisanduku tumalize habari ya filta kwanza maana umeigusa na watu wengi wanapotelea hapo. Kwenye Google Sheets kuna filta za aina mbili. Ile ya kawaida inaficha mistari kwa kila mtu anayefungua faili, na ile inayoitwa `Filter view` inaficha kwako wewe tu uliyeifungua, wengine wanaona shiti kama ilivyo. Uliyoweka wewe ni hiyo ya pili, ndo maana mlikuwa mnaona vitu tofauti, haijaharibika, ndivyo ilivyotengenezwa. Na hata ungeweka ile ya kawaida isingekufaa, kwasababu filta haijirudii yenyewe, ukiiweka saa tatu asubuhi inaficha vilivyoisha saa tatu asubuhi, mpishi akibadilisha saa saba ule mstari unabaki unaonekana mpaka mtu afungue filta aibonyeze tena. Nani atakumbuka? Kuficha mstari kwa mkono nako ni hivyohivyo, unauficha leo, kesho unasahau kama uko pale chini umejificha, unajiuliza kwanini siku hizi hakuna mtu anaagiza mlenda.

Kwahiyo tuache kuficha. Tunatenganisha anapoandika mpishi na anapoangalia mteja. Faili linabaki moja, ila ndani yake kuwe na shiti mbili, moja iite Jikoni nyingine iite Menyu. Jikoni ndo mnafanyia kazi, Menyu hakuna mtu anayeandika kitu isipokuwa fomula, na mteja anaona Menyu peke yake.

Shiti ya Jikoni iwe na safu nne tu. A ni aina (chakula, mboga, kinywaji), B jina la chakula, C bei, D iite Kipo. Hiyo D chagua kuanzia D2 mpaka D40, nenda `Insert > Checkbox`, visanduku vyote vitatokea kwa mpigo hata kwenye mistari ambayo bado haina chakula, na viache hivyohivyo, sababu ukija kuongeza chakula kipya kisanduku chake kinakuwa kipo tayari. Mistari 39 inatosha mgahawa wa kawaida, ukiwa na vyakula vingi zaidi panua namba. Fanya kazi hii kwenye kompyuta, hata ya kuazima, ni ya mara moja. Baada ya hapo wote mtatumia simu.

Orodhesha vyakula vyote mnavyowahi kupika, sio vya leo tu. Pilau nyama, wali maharage, ugali mlenda, ugali wa mtama, ndizi nyama, makange ya kuku, samaki wa Mtera, vyote viwepo hata kama samaki mnapika mara mbili kwa wiki kutegemea gari limekuja na nini. Usiweke kichwa cha habari katikati kama VINYWAJI kwenye mstari wake peke yake, hicho nacho ni mstari na hakina tiki kwahiyo kitapotea, au ukikiwekea tiki kitabaki kinaning'inia siku ambayo vinywaji vyote vimeisha. Hiyo safu ya Aina inatosha kazi hiyo.

Sasa kwenye shiti ya Menyu, mstari wa kwanza andika vichwa vyako vitatu, Aina, Chakula, Bei, halafu kwenye seli ya A2 weka hii:

```
=IFNA(FILTER(Jikoni!A2:C40, Jikoni!D2:D40=TRUE), "Jikoni bado wanapika, rudi saa tano")
```

Isome taratibu. Chukua safu ya A mpaka C kule Jikoni, lete mistari yenye tiki kwenye D peke yake, na kama hakuna hata mmoja wenye tiki usioneshe lile kosa la `#N/A` ambalo mteja akiliona anadhani simu yake mbovu, onesha hayo maneno ya Kiswahili, badilisha saa uandike ya kwako. Ikikukatalia na kuandika `Formula parse error`, futa zile koma badilisha uweke nukta mkato `;` sababu mpangilio wa nchi wa faili lako unaweza ukawa unataka hivyo.

Fomula inaandikwa A2 tu, usiivute kushuka chini. Yenyewe inajimwaga mistari inayohitaji, leo 12 kesho 9. Na kwasababu inajimwaga, mtu akiandika kitu chochote chini yake, mfano dada wa kaunta akaandika "mama wa ardhi sahani 3" kwenye A8, menyu nzima inageuka `#REF!` maana haina pa kumwagikia. Futa alichoandika itarudi. Kibaya zaidi ni akiandika pembeni kwenye safu ya E, hapo hakuna kosa litakaloonekana, ila pilau ikiisha mistari yote ya chini inapanda juu na lile andiko la E linabaki palepale, kwahiyo oda iliyokuwa mbele ya samaki sasa iko mbele ya chapati. Oda ziandikwe shiti nyingine au kwenye daftari, sio pale.

Umeona nimeita safu Kipo na sio Imeisha, ni makusudi. Ungeweza kuweka tiki kumaanisha kimeisha na fomula ikafanya kazi vilevile. Lakini fikiria siku ya kusahau, maana itakuja. Kama tiki ni kimeisha na mmesahau kugusa shiti asubuhi, menyu inaonesha vyakula vyote 30 mnavyovijua hata ambavyo leo hamjapika, mteja wa Mtumba anaagiza samaki na kulipa kabisa, boda imeshatoka. Kama tiki ni kipo na mmesahau, menyu iko tupu, mteja wa kwanza anakupigia anauliza vipi leo hampiki, unaweka tiki, mambo yameisha. Kosa la pili linajulikana mapema na halimdanganyi mtu, mimi nalichagua hilo kila siku.

Hapo sasa inabaki ile shida yako ya asubuhi, vya jana. Kwa mpangilio huu kila usiku tiki zote zinatakiwa zitoke, halafu asubuhi mpishi anaweka tiki kwenye alivyopika. Unaweza kuzitoa kwa mkono, chagua D2 mpaka D40 kwenye kompyuta ubonyeze kitufe cha nafasi mpaka zote zitoke. Ila kuna namna ya kulifanya faili lijisafishe lenyewe, nenda `Extensions > Apps Script`, futa kilichopo ubandike hii:

```
function safisha() {
  SpreadsheetApp.getActive()
    .getSheetByName('Jikoni')
    .getRange('D2:D40')
    .uncheck();
}
```

Hifadhi, bonyeza `Run` mara moja, itakuomba ruhusa, na italeta onyo kwamba programu haijathibitishwa na Google. Usiogope, programu yenyewe ni hiyo uliyoibandika wewe sasa hivi, bonyeza `Advanced` uendelee. (Onyo hilohilo likija kwenye faili la mtu usiyemjua, hapo ogopa.) Ikishakubali bonyeza alama ya saa pembeni kushoto, `Triggers`, kisha `Add Trigger`, chagua safisha, `Time-driven`, `Day timer`, halafu `4am to 5am`. Hiyo 4am ni saa kumi alfajiri kwa saa zetu, usije ukasoma saa nne ukashangaa tiki zinapotea mpishi akiwa keshaziweka. Haifanyi kazi saa kumi kamili, inafanya dakika yoyote ndani ya lile saa. Na angalia kitu kimoja ambacho kinasumbua wengi, Apps Script ina saa yake ya eneo tofauti na ya faili, iko kwenye `Project Settings`, ihakikishe iko kwenye saa ya Afrika Mashariki, GMT+3. Ikiwa imewekwa saa ya Marekani, saa kumi alfajiri ya kule inaangukia mchana wa kwetu, menyu itafutika katikati ya chakula cha mchana na utamlaumu mpishi bure.

Sasa linki. Hapa naomba usome mara mbili. Kama unawatumia wateja ile linki ya `Share`, wanafungua faili zima, wakiona shiti ya Menyu wanaona na ya Jikoni, na kama una shiti ya gharama za soko la Majengo wanaiona na hiyo. Kuificha shiti hakusaidii, mtu mwenye linki akitengeneza nakala yake anaifungua. Badala yake nenda `File > Share > Publish to web`. Kisanduku cha kwanza kitakuwa kimeandikwa `Entire document`, usikiache hivyo, kibonyeze uchague Menyu. Kisanduku cha pili acha `Web page`. Fungua sehemu ya chini uhakikishe `Automatically republish when changes are made` ina tiki, kisha `Publish`. Linki utakayopewa ndo ya wateja, wanaangalia tu, hawawezi kuandika kitu, na wanaona Menyu peke yake. Halafu nenda kwenye `Share` ya zamani uifunge kabisa, ibakize watu watatu kwa barua pepe zao, sababu linki ya zamani bado iko kwenye magrupu ya watu.

Linki hii haibadiliki, unaweza kuitengenezea kodi ya QR ukabandika mezani na kuiweka kwenye wasifu wa WhatsApp Business. Ila ikitokea siku mtu amekunakilishia faili upya, "nimekutengenezea safi zaidi bosi", nakala ina linki mpya na kodi zote ulizochapisha zitaendelea kufungua faili la zamani. Rekebisha faili lilelile, usinakili.

Jambo ambalo hakuna fomula ya kulimaliza ni kuchelewa. Mpishi akitoa tiki, shiti ya Menyu ndani ya faili inabadilika papohapo, lakini ule ukurasa uliochapishwa Google anauhuisha kila baada ya kama dakika tano. Na mteja aliyeufungua kabla, akaweka simu mfukoni, akaingia kwenye kikao, anaporudi anaangalia ya zamani mpaka aufungue upya. Tuchukue mfano, saa saba mpaka saa nane mchana unatoa sahani 60 za pilau, yaani moja kila dakika. Sufuria ikifika chini ndo mpishi atoe tiki, zile dakika tano za kuchelewa ni oda tano za pilau ambayo haipo, ongeza na wale waliofungua mapema, piga nane. Kwahiyo tiki haitolewi chakula kikiisha, inatolewa zikibaki sahani nane, na hizo nane wanauziwa waliosimama kaunta mbele yako. Kwa samaki ambao unauza vipande 15 tu mchana mzima, mwendo ni mdogo, kutoa tiki vikibaki viwili kunatosha. Mpishi anajua mwendo wa kila sufuria kuliko mimi, mwambie hesabu ni moja tu, umbali wa dakika tano mpaka kumi kabla ya kuisha.

Na intaneti ikikata jikoni, au bando limeisha, simu inaweza kukubali kuondoa tiki na ikaonekana imetoka kwa mpishi, kumbe haijafika popote, itafika mtandao ukirudi. Mzoeshe dada wa kaunta awe na ukurasa wa wateja umefunguliwa kwenye simu yake, sio faili, ukurasa ule ule wa wateja. Akiona pilau bado ipo dakika kumi baada ya mpishi kusema imeisha, anajua kuna kitu.

Na hapo ndo unapotafutia tatizo likitokea. Fungua shiti ya Menyu ndani ya faili. Kama chakula kimetoka pale ila kwenye linki bado kipo, ni kuchelewa kwa uchapishaji au mteja hajafungua upya, subiri. Kama hata ndani ya faili hakijatoka, basi ni tiki yenyewe haijafika au mtu amegusa fomula. Na kama chakula kipya kina tiki na hakionekani popote, angalia namba ya mstari, kiko mstari wa 41 na fomula inaishia 40. Hilo la mwisho linampata kila mtu, linakuja mwezi wa tatu au wa nne orodha ikishakua.

Ili bei zisiguswe na kidole cha mtu anayetafuta kisanduku, tumia `Data > Protect sheets and ranges`. Linda Menyu yote, na Jikoni ilinde yote isipokuwa D2:D40, pale utakapoulizwa nani aruhusiwe weka wewe mwenyewe tu. Mpishi atabaki na uwezo wa kuweka na kutoa tiki basi. Bei ikibadilika kimaajabu `Version history` kwenye `File` inakuonesha nani na saa ngapi, ila tu kama kila mtu anaingia kwa akaunti yake, mkitumia akaunti moja watu watatu jina litakuwa moja na hutapata jibu.

Swali ambalo hukuuliza ila litakuja, je chakula kilichoisha kifichwe kabisa au kionekane kimeandikwa kimeisha? Kwa wateja wa oda za simu ficha, maana mtu anasoma haraka jina la chakula hafiki kwenye neno la pembeni, anakuandikia "niwekee sato mbili" wakati imeandikwa haipo. Kwa waliokaa mezani na kusoma ukutani mimi ningeacha kionekane, mgeni aliyekuja kutafuta mlenda akiona leo umeisha anajua hapa upo, kesho anawahi. Ukitaka vyote viwili ni shiti ya tatu, ila anza na moja kwanza ikae sawa.

Na niseme ukweli, kama vyakula vyako havizidi kumi na simu ya biashara anaishika mtu mmoja, hata hii shiti huihitaji. Katalogi ya WhatsApp Business ina sehemu ya kuficha bidhaa na kuirudisha, unabonyeza kwenye simu basi. Kwako nimependekeza shiti kwasababu mko watatu na mpishi ndo anayejua kwanza kitu kimeisha, kumpa mpishi simu ya biashara yenye meseji za wateja jikoni sio wazo zuri. Ila usitume picha ya menyu. Skrinshoti ikishatoka imetoka, kwenye stetasi inakaa masaa 24, na ujumbe wa maandishi nao WhatsApp inakuruhusu kuurekebisha ndani ya dakika 15 tu, pilau haiishi ndani ya dakika 15 za kuitangaza. Tuma linki, chini yake andika "fungua uone vilivyopo sasa hivi".

Hii yote unaifanya mwenyewe jioni moja. Tafuta mtu akae na wewe kwenye kompyuta, vijana wa kompyuta pale Udom wapo wengi wanajua, kama ile sehemu ya Apps Script inakukatalia ruhusa, au kama unataka mteja aone mabadiliko ndani ya sekunde na kulipia hapohapo, maana hiyo sio shiti tena ni mfumo, una gharama zake na uulize bei kabla. Na kuna jambo moja la kuangalia leo kabla hujagusa lolote, fungua `Share` uone mbele ya jina la nani kumeandikwa `Owner`. Kama ni la yule kijana aliyekuwekea fomula, muombe akuhamishie umiliki sasa hivi mkiwa bado mnaelewana, na kama hapatikani tengeneza faili jipya kwa akaunti yako kabla hujachapisha kodi hata moja ya meza.